Gharama hii ni ya pilau au ya chapati? Mwongozo wa kugawa gharama kwa mpishi wa oda ndogo Nairobi

Swali ni moja, ila kila wiki linanijia kwa sauti tofauti. "Dada, kodi ya chumba cha kupikia naiweka kwenye sahani gani?" "Gesi nihesabie pilau peke yake ama na chapati?" Na lile linaloniuma zaidi: "Mbona chapati zangu zinaisha zote kabla ya saa nane, na mwisho wa mwezi sioni kitu?"

Hilo la mwisho niliwahi kujiuliza mwenyewe. Napika Umoja, chakula cha mchana cha kupelekewa watu maofisini na vibandani. Kwa muda mrefu hesabu yangu ilikuwa rahisi: bei ya viungo vyote, halafu naongeza nusu yake kwa ajili ya kodi, gesi na mengineyo. Hesabu hiyo iliniambia chapati kwa ndengu ndiyo sahani yangu bora, nami nikawahimiza wateja waagize chapati. Siku moja nikakataa oda ya pilau ya watu mia moja kwa sababu mikono yote minne, yangu na ya msaidizi wangu, ilikuwa kwenye unga tangu alfajiri. Jioni hiyo ndipo nilipoketi na daftari nikaanza upya. Nimeandika hapa nilivyofanya, kwa tarakimu za mfano zinazokaribiana na zangu. Bei za soko hubadilika, kwa hiyo mahali penye bei yangu weka yako.

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

- Daftari na kikokotoo cha simu.
- Risiti za mwezi mmoja mzima, pamoja na taarifa ya M-Pesa ya mwezi huohuo. Vitu vingi vya sokoni havina risiti, lakini malipo yake yanaonekana kwenye simu.
- Mizani ya jikoni.
- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 40 au zaidi. Ukiwa huna, mwombe muuza viazi au mnunuzi wa vyuma chakavu akuazime kwa siku tatu.
- Saa ya simu.
- Siku tatu za kazi za kawaida. Siku ya harusi haifai, wala siku ambayo msaidizi hayupo.

Hatua ya 1: Amua unatafuta gharama ya kitu gani

Watu wengi huruka hatua hii, kisha wakabishana bure. Gharama haiwi "ya moja kwa moja" peke yake. Ni ya moja kwa moja kwa kitu fulani. Chukua boda aliyebeba chakula hadi kwa mteja Upper Hill. Ukitafuta gharama ya ile oda, nauli yake ni ya moja kwa moja, kwani alikwenda kwa sababu ya oda hiyo tu. Ukitafuta gharama ya sahani ya pilau, nauli hiyohiyo haina mwenyewe mmoja, kwa kuwa boda alibeba pilau na chapati kwenye kapu moja.

Katika mwongozo huu tunatafuta gharama ya sahani. Nauli ya kupeleka nakushauri uitoe kabisa nje ya sahani na uiandikie mteja mstari wake kwenye bili. Ukiificha ndani ya sahani, mteja wa Buruburu atakuwa anamlipia safari yule wa Westlands.

Hatua ya 2: Andika kila shilingi iliyotoka mwezi uliopita

Mstari mmoja kwa kila gharama, bila kupanga kwanza. Nyama, mchele, unga, mafuta, ndengu, vyombo vya kufungia, kodi, tokeni za stima, maji, gesi, mshahara wa msaidizi, boda wa kutoka Marikiti, sabuni, chumvi, data ya simu, makato ya M-Pesa. Vya mwaka, kama leseni ya kaunti na cheti cha afya, vigawanye kwa miezi 12 na uandike sehemu ya mwezi mmoja.

Kisha andika mshahara wako mwenyewe. Usiniambie kwamba faida ndiyo mshahara wako. Ukiugua wiki mbili utamlipa mtu asimame mahali pako, na kiasi utakachomlipa huyo ndicho cha kuandika.

Kama unapikia nyumbani, usiandike kodi yote ya nyumba wala usiiache yote. Ukiwa na vyumba viwili na kimoja kimegeuka jikoni na stoo ya biashara, nusu ya kodi ni ya biashara.

Hatua ya 3: Pitisha kila mstari kwenye swali la kidole

Swali lenyewe ni hili: *naweza kunyoosha kidole nikaonyesha kwamba shilingi hii ilikwenda kwenye sahani hii, bila kukisia?* Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni gharama ya moja kwa moja. Likiwa hapana, si ya moja kwa moja. Hizo za pili mimi huziita gharama za pamoja, maana vyakula vyote vinazila pamoja.

Mchele ni wa pilau. Unga ni wa chapati. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanzia kwenye hivi:

*Gesi.* Inapanda na kushuka kulingana na upishi, ndiyo sababu wengi huidhania ni ya moja kwa moja. Lakini mtungi mmoja unapikia kila kitu, na mwisho wa wiki huwezi kusema kilo ngapi zilikwenda wapi. Ni ya pamoja. Kupanda na kushuka ni jambo moja, kuwa na mwenyewe ni jingine. Geuza mfano uone: ukikodi mashine ya kusukumia chapati kwa mwezi, kodi yake haibadiliki hata ukipika chapati kumi tu, ila ni ya moja kwa moja kwa chapati, kwa sababu hakuna chakula kingine kinachoigusa.

*Mtu wa kazi.* Ukimwita mama wa jirani aje kusukuma chapati tu na umlipe kwa idadi ya chapati, malipo yake ni ya moja kwa moja. Msaidizi wa mwezi anayekata vitunguu vya pilau, kuchagua ndengu na kuosha sufuria, mshahara wake ni wa pamoja. Kinachoamua ni namna unavyomlipa na anachokigusa, hata kama anasukuma chapati zilezile.

*Mafuta.* Ya chapati na ya pilau yakitoka kwenye mtungi mmoja wa lita 20, yapime kwa kikombe siku tatu, kisha uyaweke kwenye sahani yake. Ni mengi mno kuyaacha yapotee kwenye gharama za pamoja. Chapati hunywa mafuta kuliko unavyodhani.

*Chumvi.* Ungeweza kuipima, lakini muda wa kuipima ni ghali kuliko chumvi yenyewe. Iweke kwenye za pamoja na usirudi nyuma.

Angalia kosa hili: mtu anaandika vyombo vya kufungia kwenye gharama za pamoja kwa sababu alivinunua kwa jumla. Namna ulivyonunua haihusiki. Kila sahani inaondoka na chombo chake kimoja, kwa hiyo chombo ni cha moja kwa moja.

Hatua ya 4: Pima gharama za moja kwa moja kwa sufuria nzima

Usijaribu kupima sahani moja. Pima sufuria nzima, kisha ugawe kwa idadi ya sahani. Na upime vitu kama vilivyonunuliwa: nyama pamoja na mfupa, kitunguu pamoja na maganda, kwa kuwa hivyo ndivyo ulivyolipia.

Sufuria yangu ya pilau ya ng'ombe ya sahani 50:

- Mchele kilo 6 kwa 180: shilingi 1,080
- Nyama kilo 5 kwa 600: shilingi 3,000
- Mafuta lita 1: shilingi 300
- Vitunguu kilo 2: shilingi 200
- Binzari nyembamba, mdalasini, iliki, pilipili manga, saumu na tangawizi: shilingi 250
- Kachumbari: shilingi 270
- Vyombo 50 kwa shilingi 10: shilingi 500

Jumla ni 5,600, sawa na shilingi 112 kwa sahani.

Chapati mbili kwa ndengu, sahani 50:

- Unga wa ngano paketi 5 za kilo 2, kila paketi ikitoa chapati 20: shilingi 800
- Mafuta lita 2: shilingi 600
- Ndengu kilo 4: shilingi 600
- Nyanya, vitunguu, karoti na dhania: shilingi 400
- Vyombo 50: shilingi 500

Jumla ni 2,900, sawa na shilingi 58 kwa sahani.

Onyo moja hapa. Gawa kwa sahani zilizouzwa, si zilizopikwa. Kama kwa kawaida unapika pilau 50 na 4 zinabaki, gawa 5,600 kwa 46 na utapata karibu shilingi 122. Hizo shilingi 10 za ziada ni za kweli. Mimi napika kwa oda zilizolipwa, ndiyo maana nagawa kwa 50.

Hatua ya 5: Zitie gharama za pamoja kwenye vikapu

Usiwe na vikapu kumi. Vinne vinatosha jiko dogo, na kila kikapu kikusanye gharama zinazosababishwa na jambo moja. Mwezi wangu una siku 24 za kupika, kila siku sufuria moja ya pilau na oda moja ya chapati, maana yake sahani 1,200 za kila aina.

- *Kikapu cha gesi:* mitungi 6 ya kilo 13 kwa 3,000, jumla 18,000.
- *Kikapu cha mikono:* msaidizi 20,000 na mimi 28,000, jumla 48,000.
- *Kikapu cha chumba:* kodi 18,000, maji na stima 4,500, leseni na vyeti 1,500, jumla 24,000.
- *Kikapu cha mchanganyiko:* usafiri wa soko, sabuni, chumvi, simu, makato ya M-Pesa, na akiba ya kubadilisha sufuria, jumla 12,000.

Vikapu vyote vinne ni shilingi 102,000.

Hatua ya 6: Tafuta kipimo cha kila kikapu

Hapa ndipo pesa zangu zilipokuwa zinapotelea, kwa hiyo usiharakishe.

Kila kikapu kinataka kipimo kinachoonyesha ni sahani ipi *inayosababisha* gharama ile. Nilipokuwa naongeza nusu ya bei ya viungo, nilikuwa nasema bila kujua kwamba nyama ya bei ghali ndiyo inayokula kodi na mshahara. Nyama haikai muda mrefu mikononi mwa mtu. Unaikata, unaichemsha, unafunika sufuria na kwenda kufanya jambo jingine. Unga wa shilingi 800 ndio unaowafunga watu wawili asubuhi nzima.

*Gesi pima kwa mizani.* Funga mtungi, chomoa mpira, uning'inize mtungi, uandike uzito. Rudisha, pika pilau peke yake hadi mwisho, kisha pima tena. Fanya hivyohivyo kwa chapati na ndengu. Usiinue mtungi ukiwa umeunganishwa na jiko, wala usipime karibu na moto mwingine unaowaka. Mimi nilipima siku tatu. Pilau ilikula wastani wa kilo 1.25, chapati na ndengu kilo 2. Jiko la pilau lina moto mkali lakini ni la muda mfupi, na kwenye chapati moto mdogo unawaka asubuhi nzima huku ndengu nazo zikichemka pembeni.

*Mikono pima kwa saa.* Nilibandika karatasi juu ya gunia la unga, na kila aliyeanza kazi aliandika saa aliyoanza, saa aliyomaliza, na kazi ilikuwa ya sahani gani. Watu wawili wakifanya kazi nusu saa, hiyo ni saa moja ya mikono. Siku ya kwanza msaidizi wangu aliandika: "Kukanda 11:20 hadi 11:55 alfajiri. Kukata madonge, kupaka mafuta, kukunja, hadi 12:50." Moto ulikuwa bado haujawashwa, na saa moja na nusu imekwisha kuliwa. Wastani wa siku tatu ulikuwa saa 3 za mikono kwa pilau na kachumbari yake, saa 7 kwa chapati na ndengu. Kuosha vyombo na kufagia usikuhesabie sahani yoyote; kutafuata mgawo huohuo.

*Chumba* nakigawa kwa saa zilezile za mikono. Meza ikiwa na unga, hakuna kingine kinachofanyika juu yake, na taa zinawaka kwa muda huohuo.

*Mchanganyiko* nagawa sawa kwa kila sahani. Najua si sahihi kabisa, lakini kikapu hiki ni kidogo, na kukitafutia kipimo bora kungebadilisha shilingi moja au mbili tu.

Hatua ya 7: Gawa

Gawa jumla ya kikapu kwa jumla ya kipimo chake cha mwezi, upate bei ya kipimo kimoja. Kisha zidisha kwa kiasi ambacho sufuria ilitumia, na ugawe kwa sahani 50.

Mikono: siku moja ni saa 3 na 7, yaani 10. Kwa siku 24 ni saa 240. Shilingi 48,000 kwa saa 240 ni shilingi 200 kwa saa. Pilau ni saa 3 mara 200, yaani 600, ukigawa kwa 50 ni shilingi 12. Chapati ni saa 7 mara 200, yaani 1,400, ambayo ni shilingi 28 kwa sahani.

Chumba: 24,000 kwa saa 240 ni shilingi 100 kwa saa. Pilau shilingi 6, chapati shilingi 14.

Gesi: mitungi 6 ni kilo 78, na 18,000 kwa 78 ni kama shilingi 231 kwa kilo. Pilau karibu shilingi 6, chapati karibu 9.

Mchanganyiko: 12,000 kwa sahani 2,400 ni shilingi 5 kila moja.

| Kwa sahani (shilingi) | Pilau | Chapati na ndengu |
|---|---|---|
| Gharama za moja kwa moja | 112 | 58 |
| Gesi | 6 | 9 |
| Mikono | 12 | 28 |
| Chumba | 6 | 14 |
| Mchanganyiko | 5 | 5 |
| Gharama yote | 141 | 114 |
| Bei ya kuuzia | 200 | 110 |
| Kinachobaki | 59 | −4 |

Sasa weka kando ya jedwali hili hesabu yangu ya zamani ya kuongeza nusu. Pilau ingekuwa 112 na 56, yaani 168, inabaki 32. Chapati ingekuwa 58 na 29, yaani 87, inabaki 23. Kwa kila shilingi mia za mauzo, chapati ingeonekana kubakiza 21 hivi na pilau 16. Hicho ndicho kilichonifanya niwasukumie watu chapati.

Jumla ya faida ya mwezi ni ileile kwa njia zote mbili, shilingi 66,000. Kugawa hakuongezi wala kupunguza shilingi hata moja mfukoni. Kunabadilisha tu sahani unayoidhania inakulisha, na kwa hiyo oda unazozikubali na unazozikataa.

Hatua ya 8: Soma jibu kwa uangalifu kabla ya kufuta sahani

Dada mmoja niliyemwonyesha jedwali hili alisema palepale, "Basi chapati naacha kesho." Nilimwomba asubiri.

Ukiacha chapati, utapoteza mauzo ya 132,000 kwa mwezi (sahani 1,200 kwa 110). Utaokoa viungo na vyombo 69,600, na gesi kama 10,800. Kodi haitashuka. Msaidizi wa mwezi atalipwa vilevile. Kwa hiyo mfuko utapungukiwa na 51,600, na faida ya 66,000 itabaki 14,400. Ile hasara ya shilingi 4 ina ndani yake sehemu ya kodi na mishahara ambayo itaendelea kudaiwa hata kama hakuna chapati.

Mambo yanageuka pale tu ambapo saa za mikono zimejaa na kuna oda nyingine unazozikataa. Hapo uliza kila sahani inaleta nini kwa saa moja, ukitoa viungo, vyombo na gesi peke yake. Pilau inabakiza 82 kwa sahani, yaani 4,100 kwa sufuria ya saa 3, karibu 1,367 kwa saa. Chapati inabakiza 43 kwa sahani, yaani 2,150 kwa saa 7, kama 307 kwa saa. Ukiwa na oda ya pilau mlangoni na mikono iko kwenye unga, unapoteza zaidi ya mara nne.

Mimi nilifanya mambo mawili. Bei ya chapati kwa ndengu nilipandisha hadi 125. Na siku zenye oda kubwa ya pilau, nanunua chapati kwa mama mmoja wa mtaani kwangu kwa shilingi 20 kila moja. Zangu zinanigharimu 14 kwa unga na mafuta, hivyo kwa sahani ya chapati mbili natoa shilingi 12 zaidi. Lakini napata saa karibu 6 za mikono kwa ajili ya pilau. Angalia pia kwamba siku hizo kazi ya chapati imehama: ilikuwa gharama ya pamoja ndani ya mshahara, sasa ni ya moja kwa moja kwa kila chapati. Siku ambazo sina oda nyingine, nasukuma mwenyewe, maana kununua kungekuwa kutoa pesa huku msaidizi ameketi.

Hesabu ikikataa

*Nikijumlisha mgawo wote sipati jumla ya vikapu.* Zidisha mgawo wa kila sahani kwa sahani za mwezi. Kwangu ni 29 za pilau na 56 za chapati, jumla 85, mara 1,200, ni 102,000. Ikipungua au kuzidi kwa mamia ni ile kuondoa senti. Ikiwa ni maelfu, kuna kikapu ulichogawa mara mbili au sahani uliyoisahau. Mara nyingi iliyosahaulika ni chai ya asubuhi.

*Gesi niliyopima haifikii mitungi niliyonunua.* Kilo 3.25 kwa siku mara 24 ni kilo 78, mitungi 6 kamili. Ukipata kilo 60 na ulinunua mitungi 6, paka maji ya sabuni kwenye mpira na viungio vyake uone kama patatoa mapovu. Yakitokea, usiwashe moto hadi parekebishwe. Kama hakuna mapovu, uliza nani anachemsha maji ya kuoga kwenye jiko la biashara.

*Mwezi huu oda zimepungua na gharama ya kila sahani imeruka.* Usigawe kwa saa za mwezi mbaya. Januari mikono ikifanya kazi saa 120 badala ya 240, bei ya saa itaonekana 400, utapandisha chakula wakati wateja wamebana mifuko, nao watapungua zaidi. Endelea kutumia saa 240 za mwezi wa kawaida. Kiasi kisichogawika kiandike peke yake kama "jiko lililokaa bure", ukione na kukishughulikia bila kumbebesha mteja aliyebaki.

*Bei ya nyanya imepanda mara mbili, nianze upya?* Hapana. Rekebisha gharama za moja kwa moja tu, hata kila wiki. Vikapu na vipimo virudie kila baada ya miezi mitatu, au ukibadilisha jiko, msaidizi au chumba.

*Nimeombwa sahani ambayo sijawahi kuuza.* Sasa una bei zako: saa moja ya mikono na chumba ni 300, kilo ya gesi 231, mchanganyiko 5 kwa sahani. Niliombwa mukimo wa watu 40 wa ruracio. Viungo na vyombo vilikuwa 2,400. Nilikadiria saa 4 za mikono, 1,200, na gesi kilo 1.5, karibu 350. Mchanganyiko 200. Jumla 4,150, yaani kama shilingi 104 kwa sahani kabla ya faida. Siku yenyewe kumenya viazi na kutoa mahindi kwenye magunzi kulichukua saa 5 badala ya 4, na gharama ikapanda hadi kama 111. Nimeiandika hiyo 5 kwenye daftari, na ruracio ijayo nitaanzia hapo.